Degedege la Homa Mbeya na Iringa: Utangulizi

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu aliyekuwa akicheza mchana, jioni anachemka kidogo, kisha ghafla anakakamaa, macho yanageuka juu, mikono na miguu inaanza kurukaruka, midomo inakuwa ya bluu na povu linatoka. Dakika mbili baadaye ametulia, analegea na kulala. Mzazi aliyeliona hili kwa mara ya kwanza huamini kwamba mtoto wake alikuwa anakufa. Karibu wote husema hivyo, na ni vyema daktari asiwacheke kwa kusema hivyo, kwa sababu ndivyo linavyoonekana kweli.

Hili ndilo degedege la homa. Humpata mtoto mwenye umri wa kati ya miezi 6 na miaka 5, zaidi katika mwaka wa pili wa maisha, akiwa na homa ambayo chanzo chake hakiko ndani ya ubongo. Hesabu za Ulaya na Marekani zinaonyesha kwamba watoto 2 hadi 5 kati ya 100 hulipata angalau mara moja. Kwa hiyo muuguzi wa zahanati yoyote ya Uyole, Tukuyu, Mafinga au Ilula atakutana nalo, na wazazi wengi watalijua kwa macho yao kabla hawajalisoma popote.

Fani hii ina maswali mawili ambayo msomaji mgeni huyachanganya. La kwanza linahusu degedege lenyewe: linaumiza nini, na mtu afanye nini likiwa linaendelea. La pili linahusu homa: imetoka wapi. Swali la kwanza huwatisha wazazi, ilhali majibu yake mara nyingi ni ya kutuliza. Swali la pili huwa linasahaulika mtoto akishaamka na kuomba maji, na hapo ndipo watoto wanapopotea. Katika Nyanda za Juu Kusini swali hilo la pili lina upekee wake, kwa sababu mtoto anayekaa kwenye baridi ya Mbeya mjini, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na yule anayekaa Kyela karibu na Ziwa Nyasa, hawaishi katika nchi moja kwa upande wa malaria, ingawa basi la kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine ni la saa chache tu.

Kwanza tuulize kwa nini hutokea. Ubongo wa mtoto mdogo unakua kwa kasi, na chembe zake za fahamu huchochewa kwa urahisi kuliko za mtu mzima, wakati mfumo wa kuzituliza bado haujakomaa. Joto la mwili likipanda, pamoja na kemikali ambazo mwili wenyewe huzitoa unapopambana na vijidudu, baadhi ya watoto huvuka mpaka, na chembe nyingi hulipuka kwa pamoja. Nani atavuka na nani hatavuka hutegemea sana ukoo. Mara nyingi ukimuuliza bibi, atakumbuka kwamba baba wa mtoto au shangazi yake alikuwa hivyohivyo utotoni. Degedege hutokea zaidi katika saa 24 za kwanza za homa, na si ajabu likawa ndiyo dalili ya kwanza kabisa, kabla mama hajagundua kwamba mtoto anachemka. Hili wazazi walijue, maana wengi hukaa miezi wakijilaumu kwamba walichelewa kumpa dawa ya homa.

Sasa tuingie ndani ya nyumba. Ni Julai, usiku Mbeya joto hushuka chini ya nyuzi 10, mlango umefungwa, jiko la mkaa liko katikati ya chumba, na mtoto amefunikwa blanketi mbili kwa sababu alikuwa anatetemeka. Degedege linaanza. Kitu cha kwanza ni jiko. Mtoto anayerusha miguu karibu na mkaa au sufuria ya chai anaweza kupata majeraha makubwa kuliko yote ambayo degedege lingemletea. Asogezwe mbali, au jiko litolewe nje. Kisha alazwe sakafuni juu ya mkeka au kitenge, kwa ubavu, kichwa kikielekea chini kidogo ili mate, povu au matapishi yatoke yenyewe badala ya kurudi kooni. Blanketi zitolewe, kitufe cha shingoni kifunguliwe, na mtoto asishikwe kwa nguvu. Halafu mtu mmoja aangalie saa. Simu iliyo mfukoni inatosha. Watu wengi huona kazi hii haina maana wakati mtoto anatetemeka, lakini ndiyo taarifa ambayo daktari ataihitaji kuliko nyingine zote. Dakika mbili za degedege huonekana kama nusu saa kwa mzazi, na bila saa hatuna njia ya kujua ilikuwa ipi.

Aliye karibu aangalie pia degedege lilianzia wapi: mwili mzima kwa pamoja, au mkono mmoja kwanza, au upande mmoja tu mwanzo hadi mwisho. Kama kuna mtu wa pili mwenye utulivu, arekodi video fupi kwa simu. Video ya sekunde 30 imeepusha vipimo vingi visivyo vya lazima.

Kisichofanywa nacho kina sababu zake. Kijiko hakiingizwi mdomoni. Ulimi haumezwi, wala hauwezi kumezwa. Unachofanya ni kurudi nyuma kidogo, na kumlaza ubavu kunautosha. Kijiko huvunja meno ya maziwa, na jino lililovunjika linaweza kuingia kwenye njia ya hewa. Vidole vya mzazi navyo huumwa hadi mfupa. Maji, maziwa, dawa ya homa na dawa ya mitishamba havimwagwi kinywani mwa mtoto asiye na fahamu, kwa sababu vitaingia mapafuni, na nimonia inayofuata ni hatari kuliko degedege. Kumchovya kwenye maji ya baridi humfanya atetemeke zaidi na joto la ndani likapanda. Moshi, wa aina yoyote, humnyima hewa mtoto ambaye tayari anapumua kwa shida. Na povu haliambukizi. Hofu hiyo imetoka kwenye imani kuhusu kifafa, na imewahi kumfanya mtoto aachwe peke yake hadi atulie.

Degedege la homa mara nyingi hukoma lenyewe kabla ya dakika 5. Ndiyo maana dakika ya tano ni mpaka: likiwa bado linaendelea, uwezekano wa kukoma lenyewe unapungua, na mtoto anahitaji dawa. Hapo mzazi asisubiri tena, aelekee kituo cha karibu, mtoto akiwa amelazwa ubavu mapajani, wala asifungwe mgongoni kwa kanga ambapo hakuna anayeuona uso wake.

Zahanati inayo diazepamu, na kwa mtoto mdogo njia ya haja kubwa ni ya haraka na ya salama kuliko kutafuta mshipa kwenye mkono unaorukaruka. Kipimo ni nusu miligramu kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa kilo 10 hupata miligramu 5, ambazo kwenye ampuli ya kawaida ya miligramu 10 katika mililita 2 ni mililita 1. Muuguzi huivuta kwa bomba dogo, huondoa sindano, huingiza ncha ya bomba taratibu sentimita 4 hadi 5, husukuma dawa, kisha hubana matako kwa dakika chache ili isitoke. Baada ya dakika 10, kama halijakoma, inaweza kurudiwa. Baada ya hapo mtoto anahitaji hospitali, kwa sababu diazepamu nyingi husimamisha pumzi.

Jambo hili la pumzi lina historia iliyoandikwa hapahapa Afrika Mashariki, na kila anayeingia katika fani hii inampasa aijue. Kilifi, kwenye pwani ya Kenya, madaktari walikuwa wakiwalaza watoto wengi wenye malaria ya ubongo, na wengi wao walikuwa na degedege la kurudiarudia. Ilionekana busara kuwapa wote fenobabitoni mapema ili kuzuia. Matokeo ya utafiti huo yalichapishwa mwaka 2000. Watoto 340 waligawanywa makundi mawili sawa, kundi moja likapewa sindano moja ya fenobabitoni, jingine likapewa sindano isiyo na dawa. Degedege la kurudiarudia lilipungua kwa zaidi ya nusu kwa waliopewa dawa. Lakini katika kundi hilo walikufa watoto 30, na katika kundi lisilopewa dawa walikufa 14. Hatari ilionekana zaidi kwa wale waliokuwa wamepewa pia diazepamu mara nyingi, jambo linaloelekeza kidole kwenye kusimama kwa pumzi. Kuzuia mtetemeko na kumwokoa mtoto ni mambo mawili, na dawa inaweza kulitenda la kwanza huku ikiharibu la pili.

Degedege likishakoma, mtoto husinzia. Anaweza kulala nusu saa, wakati mwingine saa nzima, akawa mzito, analia bila sababu, hamtambui mama vizuri. Hiyo ni kawaida. Kinachotakiwa ni kwamba kila anapoguswa aonyeshe anaelekea kuamka, na ndani ya saa moja hivi awe anatazama, anashika, ananyonya au anakunywa. Mtoto ambaye usingizi wake unazidi kuwa mzito badala ya kupungua, au anayebaki na mkono mmoja mlegevu, au anayeshikwa tena na degedege siku hiyohiyo, si mtoto wa kurudishwa nyumbani. Vivyo hivyo kwa aliyeshikwa upande mmoja tu wa mwili, au kwa zaidi ya dakika 15. Hao tunawaita wenye degedege changamano, na tunawatafutia chanzo kwa bidii zaidi.

Hata mtoto aliyeamka vizuri anatakiwa kuonwa siku hiyohiyo, hasa kama ni mara ya kwanza. Katika mwongozo wa matibabu ya mtoto mgonjwa unaotumika kwenye zahanati zetu, degedege katika ugonjwa wa sasa ni dalili ya hatari, na mtoto hupewa rufaa haraka.

Tuchukue mfano mmoja. Mtoto ana miezi 18 na kilo 10, anakaa Uyole. Homa imeanza asubuhi, saa moja jioni ameshikwa na degedege la mwili mzima, baba yake ameangalia simu: dakika 3. Wanafika zahanati kwa bajaji, mtoto ameamka, analia, amemshika mama yake shingoni. Joto ni nyuzi 39.2. Ana mafua na kikohozi, masikio ni safi, kifua ni safi. Kila kitu kinaelekea kwenye virusi vya mafua, na wenzake watatu mtaani wanakohoa pia. Muuguzi anauliza swali moja zaidi: “Mama, wiki hizi mbili mtoto amelala wapi?” Mama anajibu, “Tulikuwa Kyela kwa bibi yake, nesi. Tumerudi kama siku 10 zilizopita.”

Hapo hadithi inabadilika. Uyole kuna baridi, na malaria ya mtoto asiyesafiri ni nadra. Lakini mbu aliyemuuma Kyela hutoa ugonjwa baada ya siku 7 au zaidi, mara nyingi ndani ya wiki mbili, ndiyo hasa siku ambazo mtoto huyu anazo. Isitoshe, mtoto wa milimani hana kinga ambayo mwenzake wa Kyela ameijenga kwa kuumwaumwa, kwa hiyo malaria kwake huenda mbio. Hali ni ileile kwa mtoto wa Iringa mjini aliyekwenda Pawaga au Idodi, au wa Mbeya aliyetoka kwenye mashamba ya mpunga ya Mbarali. Iringa ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo kabisa Tanzania, na uzuri huo una ubaya wake: mtu huacha kuifikiria.

Kipimo cha haraka cha malaria kinatoka na mistari miwili. Mtoto huyu, kwa sababu amepata degedege, hatibiwi kama mwenye malaria ya kawaida, hata kama ameamka na anaomba chai. Anapigwa dozi ya kwanza ya artesuneti, miligramu 3 kwa kila kilo, yaani miligramu 30, kisha anapelekwa hospitali. Kabla ya safari anapimwa sukari, kwa sababu mtoto mwenye malaria ambaye hakula tangu asubuhi huishiwa sukari upesi, na sukari iliyoshuka nayo huleta degedege, ambalo halitakoma kwa diazepamu. Ikiwa imeshuka, hutiwa mshipani maji ya sukari ya asilimia 10, mililita 5 kwa kila kilo. Hospitalini ataendelea na artesuneti kwa saa 24 au zaidi, kisha atamalizia kwa dozi kamili ya dawa mseto. Kama kipimo kingetoka na mstari mmoja na mama angesema hawajatoka Uyole tangu Krismasi, rufaa ingebaki palepale, ila daktari angeanza kuangalia kwingine: masikio, koo, mkojo, kifua, na homa ya uti wa mgongo.

Hii ya mwisho ndiyo inayotunyima usingizi. Kwa mtoto mkubwa shingo hukakamaa, na hilo husaidia. Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja na nusu shingo inaweza kuwa laini kabisa na ugonjwa ukawa umeshaingia. Utosi uliovimba, kilio chembamba kisichotulizika, kutapika mfululizo, au usingizi usiokwisha ndivyo vinavyotuambia. Daktari akiomba kupima maji ya uti wa mgongo, wazazi wengi hukataa kwa kuamini kwamba mtoto atapooza. Sindano hiyo huingizwa kiunoni, mahali ambapo uti wenyewe umeshakwisha na imebaki mishipa inayoelea kwenye maji. Kinachopoozesha watoto ni ugonjwa uliochelewa kugunduliwa.

Hofu ya sindano ni ya zamani na haina budi kuzungumzwa kwa heshima. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo miaka ya 1990 walikuta kwamba degedege lilihesabiwa kuwa ugonjwa wa peke yake, tofauti na malaria, na kwamba iliaminika mtoto mwenye degedege akidungwa sindano angekufa. Kwa hiyo alipelekwa kwanza kwa mganga wa jadi, kisha hospitali. Imani hiyo haikutoka hewani. Watoto waliofika wodini baada ya siku mbili za malaria kali walidungwa sindano na wengi wakafa muda mfupi baadaye, na aliyekuwa pale aliona sindano, hakuyaona mabilioni ya vimelea. Njia moja ni kuzungumza na waganga wenyewe ili wampeleke mtoto mapema, kwa kuwa wao ndio waliokuwa wa kwanza kuitwa.

Yanayofuata baadaye ni mepesi kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1976 Karin Nelson na Jonas Ellenberg, watafiti wa Marekani, walichapisha matokeo ya watoto 1,706 waliopata degedege la homa na kufuatiliwa hadi umri wa miaka 7. Waliopata kifafa baadaye walikuwa wachache sana, hasa kama degedege lao lilikuwa fupi, la mwili mzima, na mtoto alikuwa akikua vizuri kabla yake. Walipolinganishwa na ndugu zao wa tumbo moja, akili zao hazikuwa na tofauti. Kwa mtoto wa namna hiyo, uwezekano wa kifafa ni kama 1 hadi 2 kati ya 100, juu kidogo tu ya mtoto mwingine yeyote. Hahitaji picha ya kichwa wala kipimo cha mawimbi ya ubongo, ambavyo familia nyingi hukopa pesa kuvilipia. Hahitaji pia dawa za kifafa za kila siku. Zamani walipewa fenobabitoni kwa miaka, hadi utafiti wa mwaka 1990 ulipoonyesha kwamba watoto walioinywa kwa miaka miwili walipata alama za chini zaidi kwenye vipimo vya akili, na degedege halikupungua kwa kiasi cha kuonekana.

Linaweza kurudi, na mzazi aambiwe waziwazi. Karibu mtoto mmoja kati ya watatu hupata tena katika homa nyingine. Kama la kwanza lilikuja kabla ya kutimiza mwaka mmoja, ni karibu nusu. Parasetamoli haijathibitishwa kuzuia degedege katika homa zijazo. Tunampa mtoto ili maumivu yapungue na aweze kunywa: miligramu 10 hadi 15 kwa kilo, ambayo kwa mtoto wetu wa kilo 10 ni kijiko kimoja cha mililita 5 cha ile dawa ya maji yenye miligramu 120, kila baada ya saa 6, akiwa macho kabisa. Aspirini asipewe.

Chanjo ziendelee. Ile ya surua na rubela, inayotolewa miezi 9 na miezi 18, inaweza kuleta homa kati ya siku ya 7 na ya 12 baada ya kuchanjwa, na kwa nadra homa hiyo huleta degedege. Surua yenyewe huleta homa kali zaidi na huua. Mama amweleze muuguzi kuhusu degedege kabla ya chanjo, na tarehe ya degedege, urefu wake kwa dakika na kilichogunduliwa viandikwe kwenye kadi ya kliniki, ili daktari wa zamu usiku mwingine, katika hospitali nyingine, asianze upya.

Mtoto ambaye degedege lake limewahi kupita dakika 5, na nyumbani kwao ni mbali na kituo, kwa mfano kwenye vijiji vya Kilolo ambako mvua za Machi hukata barabara, wazazi wake wanaweza kufundishwa na daktari kumpa diazepamu kwa njia ya haja kubwa nyumbani, kwa kipimo kilichoandikwa kulingana na uzito wake na kurekebishwa kila anapoongezeka kilo. Wafundishwe wawili, si mama peke yake.